Video yako imedaiwa muziki YouTube? Usiifute kwanza

Umemaliza kuhariri video, umeipakia YouTube, na linki umeshawatumia ndugu na marafiki kwenye WhatsApp. Kabla chai haijapoa, inaingia barua pepe: kuna muziki ndani ya video yako na mwenye muziki huo ameudai. Hapo watu wengi hufanya moja ya mambo mawili. Kuna anayefuta video nzima kwa hofu kwamba chaneli itafungwa, na kuna anayebonyeza kitufe cha kupinga kwa hasira bila hata kusoma kilichoandikwa. Wa kwanza amepoteza kazi yake bure. Wa pili anaweza kujiletea tatizo kubwa kuliko lile alilokuwa nalo.

Tuanze na kinachowachanganya wengi.

Dai siyo straiki

YouTube ina njia mbili tofauti za kushughulikia muziki wa watu. Ya kwanza ni dai, ambalo mara nyingi huletwa na mfumo wa kompyuta unaoitwa Content ID. Dai linaigusa video moja tu. Chaneli yako haipati alama mbaya, na video kwa kawaida inabaki hewani. Kinachobadilika ni kwamba mwenye muziki sasa ndiye anayeamua: anaweza kuchukua pesa za matangazo ya video hiyo, anaweza kuizuia isionekane katika nchi fulani au dunia nzima, au anaweza kuiacha tu na kufuatilia takwimu zake. Wengi huchagua pesa, na ndiyo maana video nyingi zilizodaiwa bado unaziona.

Njia ya pili ni ombi la kisheria la kuondoa video. Hili linaishusha video kabisa na kukuachia straiki. Straiki hudumu siku 90, na ukikusanya tatu ndani ya muda huo chaneli yako inaweza kufungwa pamoja na video zako zote. Hii ndiyo ya kuogopa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ukipata barua ile ni kujua uko upande gani. Fungua YouTube Studio, ingia Content, tafuta video yako na uangalie palipoandikwa Restrictions. Ukikuta neno Copyright, libonyeze ufungue maelezo. Utaona jina la wimbo, jina la anayedai, dakika na sekunde za sehemu iliyodaiwa, na athari yake kwa video. Soma vyote hivyo kabla hujagusa kitu kingine chochote. Ni kama kuandikiwa faini barabarani: huanzi kubishana kabla hujajua umeandikiwa kosa gani.

Mashine inasikia nini

Content ID ilianza mwaka 2007. Wenye haki wakubwa, yaani lebo, wachapishaji wa muziki na kampuni zinazosambaza nyimbo mtandaoni, huipa YouTube nakala za nyimbo zao. Mfumo unatengeneza kutoka kila wimbo kitu kama alama ya vidole ya sauti, kisha kila video mpya inayopakiwa inalinganishwa na alama hizo. Zikifanana, dai linajiandika lenyewe. Hakuna mtu aliyekaa mahali akaitazama video yako ya harusi ya dada yako.

Ndiyo maana ule mstari wa kuandika chini ya video kwamba "sina haki na wimbo huu, wote ni wa msanii" haukusaidii kitu. Mashine haisomi maelezo, inasikiliza sauti. Kutumia sekunde kumi tu nako hakukuokoi, kwa sababu hakuna sheria inayosema sekunde kumi ni halali. Hata kuununua wimbo kihalali kwenye mtandao ni kununua ruhusa ya kuusikiliza, siyo ya kuuweka kwenye video yako. Na wimbo uliouchagua kwenye maktaba ya TikTok una ruhusa ya kutumika TikTok. Ukishusha video hiyo na kuipandisha YouTube, ruhusa haiji nayo.

Lakini mashine hiyohiyo hukosea, na wakati mwingine hukosea vibaya. Mwanzoni mwa 2018 habari zilisambaa za mwanamuziki mmoja wa Australia aliyekuwa ameweka video ya saa kumi yenye mvumo mtupu, ule wa redio isiyoshika stesheni, ambao aliutengeneza mwenyewe. Alikuta imedaiwa mara tano na watu walioweka mivumo yao.

Na siyo mashine tu. Huko Phoenix, Arizona, wanaume wawili walijifanya wamiliki wa nyimbo zaidi ya 50,000 za Kilatini na kukusanya zaidi ya dola milioni 23 kupitia mfumo huu, kuanzia 2017 hadi waliposhtakiwa 2021. Baadaye walikiri makosa mahakamani. Nyimbo hazikuwa zao hata kidogo.

Basi kudaiwa hakumaanishi umekosa, na kuwa na uhakika moyoni hakumaanishi umepatia. Kinachoamua ni karatasi.

Biti moja, wateja wengi

Kwa mtengeneza video mdogo wa huku kwetu, dai linalochanganya kuliko yote ni la muziki aliolipia. Tuchukue mfano wa kubuni, ila mambo yake ndivyo yanavyotokea.

Dada mmoja wa Mwanza ana chaneli ya mapishi na ameshaanza kulipwa na YouTube. Ametengeneza video ya dakika nane ya samaki sato wa kupaka. Nyuma ya sauti yake ameweka biti laini aliyoinunua kwa prodyuza mtandaoni kwa dola 25. Risiti anayo, na faili la leseni alitumiwa kwa barua pepe. Wiki tatu baadaye inakuja taarifa kwamba sehemu ya 0:42 hadi 3:10 ina wimbo ambao hajawahi kuusikia, wa msanii ambaye hamjui, na anayedai ni kampuni ya usambazaji iliyo nchi nyingine. Pesa za matangazo sasa zinaelekea huko.

Imekuwaje? Jibu liko kwenye leseni yake. Dola 25 hainunui biti, inakodi. Leseni ya namna hii siyo ya kipekee, kwa hiyo prodyuza anaweza kuikodisha biti ileile kwa watu hamsini. Mmoja wao ni msanii aliyeimba juu yake, akapeleka wimbo kwa kampuni ya usambazaji, na wakati wa kujaza fomu akaweka tiki kwenye kisanduku cha Content ID. Kuanzia hapo mashine inaamini kwamba kila inaposikia biti hiyo, inasikia wimbo wa yule msanii.

Hakupaswa kuweka tiki. Masharti ya YouTube yanasema anayeingiza sauti kwenye Content ID lazima awe na haki za kipekee, na muziki uliokodishwa kwa wengi haukubaliki. Lakini wasanii wengi hawasomi kisanduku hicho, na kwa uzoefu wa hii kazi nasema kabisa kwamba mara nyingi ni uzembe, siyo wizi.

Dada wa mapishi afanye nini? Kwanza autafute ule wimbo uliotajwa kwenye dai na ausikilize. Maelezo ya dai huonyesha jina lake. Akisikia ni biti yake na mtu anaimba juu, basi ameshajua chanzo. Akisikia ni wimbo mwingine kabisa, basi mashine imefananisha vibaya, na hoja yake itakuwa tofauti.

Pili, afungue leseni aisome kweli. Anatafuta mambo matatu: kama inaruhusu matumizi kwenye video za YouTube, kama inaruhusu kuingiza pesa za matangazo, na kama ina kikomo cha idadi ya watazamaji au muda. Leseni nyingi za bei nafuu zina kikomo, na ukikivuka huna tena ruhusa hata kama risiti unayo. Hili watu hulikuta wakiwa wameshabonyeza kupinga.

Tatu, amwandikie prodyuza siku hiyohiyo. Prodyuza ndiye mwenye biti, naye anaweza kumwambia yule msanii au kampuni yake waliondoe dai. Wakati mwingine linaisha hapo, bila vita. Lakini asikae kusubiri majibu yake, kwa sababu saa inatembea.

Siku tano, thelathini, saba

Ukipinga dai ndani ya siku tano tangu liwekwe, pesa zote za video tangu siku ya kwanza ya dai zinawekwa pembeni mpaka mwisho wa mgogoro, na atakayeshinda anapewa. Ukipinga baada ya siku tano, zinaanza kuwekwa pembeni siku uliyopinga. Zilizoingia kabla ya hapo zimekwenda. Kwa video za habari au za sikukuu, ambazo watazamaji wake wengi huja wiki ya kwanza, siku hizo tano ndiyo pesa yenyewe.

Kupinga kunaanzia kwenye maelezo yaleyale ya dai, kwenye kitufe cha Dispute. Utaulizwa sababu. Kama muziki umeutengeneza mwenyewe ni Original content. Kama una ruhusa ni License. Dada yetu anachagua License, kisha anaandika maelezo. Hapa watu huandika insha ya malalamiko, jinsi walivyoumizwa na jinsi YouTube inavyoonea wadogo. Anayesoma upande wa pili anaweza kuwa mfanyakazi mwenye mamia ya kesi kama hiyo, kwa hiyo mpe cha kuhakiki. Andika kwa lugha atakayoielewa, mara nyingi Kiingereza, sentensi chache zenye maana hii:

"Sauti iliyodaiwa kutoka 0:42 hadi 3:10 ni biti ya ala tupu, siyo wimbo uliotajwa. Nimeikodi kwa leseni isiyo ya kipekee kutoka kwa mtengenezaji wake, tarehe fulani, namba ya risiti ni hii. Leseni inaruhusu matumizi kwenye video za YouTube zenye matangazo. Wimbo uliotajwa umetengenezwa juu ya biti hiyohiyo, ambayo imekodishwa kwa watu wengi."

Basi, imetosha.

Anayedai ana siku 30 za kujibu. Akiliachia dai, limeisha. Akikaa kimya mpaka siku 30 zipite, dai linafutika lenyewe. Akisema bado anasimama na dai lake, unaweza kukata rufaa, na safari hii yeye ana siku 7 tu. Hapo nawe usizubae. Pesa zilizowekwa pembeni zinabaki pale kama utakata rufaa ndani ya siku tano.

Kama video yako imezuiwa kabisa isionekane, kuna njia ya mkato inayoitwa Escalate to appeal, inayoruka hatua ya siku 30 na kwenda moja kwa moja kwenye rufaa ya siku 7.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hatari ilipo. Mtu uliyemkatia rufaa akiamua kuendelea kukukatalia, kilichobaki kwake ni kutuma ombi la kisheria la kuondoa video. Likikubaliwa, video inashuka na chaneli inapata straiki. Bado unaweza kutuma pingamizi rasmi, lakini hilo ni suala la kisheria: unatoa jina lako halisi na anwani yako, vinatumwa kwa anayekudai, na yeye anapewa siku 10 za kazi za Marekani kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani. Asipoonyesha, video inaweza kurudi. Kwa maoni yangu, ukifika hatua hiyo ongea na mwanasheria kwanza, hata kama una uhakika.

Kwa mwenye leseni safi kama dada wa Mwanza, kwenda mpaka rufaa ni uamuzi wa maana. Kwa mwenye wimbo aliouchota tu mtandaoni, kukata rufaa ni kuitafutia chaneli yake straiki kwa mkono wake.

Je, kupinga kunasaidia? YouTube ilipotoa ripoti yake ya kwanza ya uwazi kuhusu hakimiliki Desemba 2021, ilisema kwamba kati ya Januari na Juni mwaka huo kulikuwa na madai zaidi ya milioni 722 kupitia Content ID. Yaliyopingwa hayakufika hata asilimia 1. Lakini kati ya hayo yaliyopingwa, asilimia 60 yaliisha kwa ushindi wa aliyepakia video. Usiisome namba hiyo kama bahati nasibu. Wanaopinga wengi ni wale wanaojua wana haki.

Kama wimbo kweli si wako

Hapa mambo ni mepesi. Video ya harusi, MC anaingia, spika zinapiga bongo fleva inayotamba mjini. Wimbo si wako na ruhusa huna. Dai ni halali.

Kama chaneli yako bado hailipwi, dai la kuchukua matangazo halikupunguzii shilingi, kwa sababu hukuwa unaipata. Video iko hewani, bibi harusi anaiona, mwenye wimbo anapata chake. Unaweza kuliacha tu. Nimeona watu wakifuta video nzuri za familia kwa jambo ambalo halikuwa linawagusa. Angalia kitu kimoja tu: kama imezuiwa katika nchi ambako ndugu zako wanaishi.

Kama unalipwa, au video imezuiwa, ihariri palepale YouTube Studio bila kuipakia upya. Trim out segment inakata kipande kilichodaiwa. Replace song inaweka muziki mwingine kutoka maktaba ya YouTube. Erase song inajaribu kuutoa wimbo na kuacha sauti za watu, na pia unaweza kunyamazisha sehemu hiyo yote. Hariri ikikamilika na wimbo ukatoka kweli, dai linaondoka bila kumwomba mtu, na linki yako pamoja na watazamaji wako vinabaki.

Erase song usiitegemee sana kwenye kelele za ukumbini. Inafanya vizuri mtu anapoongea karibu na maiki huku muziki ukiwa chini. MC anapopiga kelele juu ya spika kubwa, sauti yake nayo huharibika au wimbo unabaki nusunusu, na dai linabaki pamoja nao. Hapo kata tu.

Na wewe msanii, kuna kichekesho chako: unaweza kudaiwa wimbo wako mwenyewe. Ulipoupeleka kwa kampuni ya usambazaji uliiruhusu ikudaie kokote, na mashine yake haijui kwamba chaneli hii ni yako. Usipinge. Iandikie kampuni hiyo uipe linki ya chaneli yako, iiweke kwenye orodha ya chaneli zisizodaiwa.

Kabla ya kubonyeza Publish

Kwenye hatua za kupakia video kuna sehemu inaitwa Checks. Hapo mfumo unaisikiliza video kabla haijatoka. Wengi huiruka kwa haraka. Pakia video usiku ikiwa Private, acha ukaguzi umalize, asubuhi uitoe. Kama kuna dai utalijua wakati hakuna aliyeiona, na kubadilisha wimbo kwenye programu yako ya kuhariri ni kazi ya dakika kumi.

Wa video fupi wawe makini zaidi. Shorts inayozidi dakika moja ikiwa na dai la Content ID huzuiwa dunia nzima, hata kama mwenye wimbo angeridhika na matangazo tu. Kama lazima utumie wimbo wa mtu, baki chini ya dakika na uuchukue kwenye maktaba ya Shorts yenyewe.

Muziki salama zaidi ni wa Audio Library iliyomo YouTube Studio. Siyo mtamu sana, tukubaliane, na ukisikiliza chaneli tano za mapishi utakutana na biti ileile mara tatu. Angalia tu kama wimbo uliouchagua unadai umtaje mtunzi kwenye maelezo ya video.

Ukinunua biti, weka folda moja kwenye simu au kwenye Drive: leseni, risiti, picha ya skrini ya ukurasa ulikonunua ikionyesha tarehe, na mazungumzo na prodyuza. Kurasa hizo hufutwa, maprodyuza hubadilisha namba. Kama biti umeitengeneza mwenyewe, tunza faili la mradi kutoka kwenye programu uliyotumia, lile lenye vipande vyote, maana huo ndio ushahidi ambaye hakuitengeneza hawezi kuwa nao. Sheria za Tanzania na Kenya zinailinda kazi yako hata bila kuisajili, lakini cheti cha COSOTA au KECOBO chenye tarehe ni kitu cha kutaja kwenye maelezo ya kupinga. Ofisi hizo hazitabonyeza kitufe cha YouTube kwa niaba yako. Kitufe ni chako, na siku tano zinaanza kuhesabiwa siku dai lilipowekwa, siyo siku uliyofungua barua pepe.